Posti yangu ilisambaa usiku mmoja, na mama mmoja akatuma pesa

Wandugu, wengi wenu mliiona ile posti ya basi jeupe. Mimi ndiye niliyeiandika. Dada katibu wa kundi letu aliniomba niandike jinsi mambo yalivyokwenda, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza, na pia kwa sababu siku moja itakupata wewe. Leo unaandika kitu cha watu ishirini, kesho kimefika kwa watu elfu mbili na kimebeba maana ambayo hukuitia wewe.

Ilikuwa Jumatatu jioni. Basi lilikuwa limetuletea vyerehani na viti ukumbini, hapa Base Camp, Nakivale. Vijana walipanga mstari kando ya basi ili washushe mizigo. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wa Facebook wa kundi letu na maneno haya:

"Kesho Jumanne saa 3 asubuhi tunaandikisha majina hapa ukumbini Base Camp. Nafasi ni 30 tu. Njoo na atestesheni yako. Usichelewe."

Soma tena. Neno cherehani haliko. Neno darasa haliko. Mimi nilijua ni darasa la kushona, kwa sababu wiki iliyopita tulikuwa tumeshatangaza kwamba vyerehani vinakuja. Lakini mtu wa Juru au Rubondo ambaye hakuona posti ile ya kwanza, yeye anaona basi, anaona watu kwenye mstari, anasoma "tunaandikisha majina", "nafasi 30", "atestesheni". Kwa mkimbizi, hayo yote yakikaa pamoja yana maana moja tu: kuna watu wanakwenda nje. Na mkumbuke kipindi chenyewe. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna familia ambazo kesi zao zilikuwa zimefika mbali na zikakwama palepale. Watu wana njaa ya habari yoyote ya safari.

Nikaweka posti, nikazima simu ili betri isiishe, nikalala.

Saa 11 alfajiri nikaiwasha, ikaanza kutetemeka mkononi kama inaugua. Posti zetu huwa zinapata komenti kumi, labda kumi na tano. Hii ilikuwa na komenti zaidi ya 600, na ilikuwa imesheyiwa mara zaidi ya 2,000. Kumbe usiku mtu mmoja mwenye wafuasi wengi aliisheya na kuongeza mstari wake: "Nakivale majina yameanza kuandikwa." Basi. Wengine wote walisoma mstari wake kwanza, wangu baadaye.

Kitu cha kwanza nilichotaka kufanya ni kuifuta. Nilikuwa tayari nimeshabonyeza vile vidoti vitatu. Nikampigia dada katibu, akaniambia, "Mdogo wangu, usiguse. Ukifuta watasema orodha ipo na sisi tumeificha."

Alikuwa sahihi, na kuna sababu nyingine ambayo niliielewa baadaye. Wakati ule skrinshoti zilikuwa zimeshaingia WhatsApp. Ukifuta posti, skrinshoti hazifutiki. Kinachopotea ni mahali pekee ambapo mtu angeweza kuja kuhakikisha na kukuta jibu. Anayefuata linki anaambiwa tu kwamba haipatikani, na hapo uongo unabaki peke yake bila mtu wa kuupinga.

Kwa hiyo sikufuta. Lakini nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kosa la pili. Nikaanza kumjibu kila mtu: "Hapana, si hivyo." "Hapana ndugu, ni darasa." Nilijibu watu kama kumi na nne, na nilipopandisha ukurasa juu, majibu yangu yote yalikuwa yamezama, kuna komenti mpya thelathini juu yake. Ni kama kuchota maji ya mvua kwa kikombe wakati paa linavuja.

Hapo nikaandika komenti ndefu ya maelezo, nikaipini ikae juu ya zote. Nikaona nimemaliza. Baada ya nusu saa niliangalia, na sheya zilikuwa bado zinapanda kwa kasi ileile. Kwa nini? Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote: mtu akisheya posti yako, anabeba posti, habebi komenti. Ile komenti niliyoipini ilikuwa imekaa nyumbani kwetu, kwenye ukurasa wetu, inawasubiri wageni ambao hawaji. Posti yenyewe ilikuwa inatembea huko duniani na maneno yaleyale mabaya ya Jumatatu.

Dawa ilikuwa kuhariri posti yenyewe. Ukihariri posti ya Facebook, wale walioisheya kwa kitufe cha kusheya wanaona maneno mapya ndani ya sheya zao. Na lazima urekebishe mstari wa kwanza, si kuongeza maelezo mwishoni, kwa sababu posti ndefu hukatwa na kuna watu hawabonyezi kuona zaidi. Tukaandika hivi juu kabisa:

"HII SI ORODHA YA KUSAFIRI. Ni darasa la kushona kwa cherehani, nafasi 30, bila malipo. Ukiambiwa utume pesa, huyo ni mwizi. Usisafiri kuja kwa ajili ya hii posti. Imesahihishwa Jumanne saa 2 asubuhi."

Chini yake tuliyaacha maneno yangu ya zamani kama yalivyokuwa, ili mtu asiseme tumebadilisha habari kwa siri. Rafiki zetu wakaongeza mstari huohuo kwa Kifaransa, Kinyarwanda na Kisomali. Siku na saa tuliziweka makusudi. Maelezo yasiyo na tarehe nayo yanakuwa uvumi mwingine, maana mtu anayeyaona wiki ya tatu hajui kama yanazungumzia mambo ya jana au ya zamani.

Na ile komenti ya kupini? Tuliiandika upya. Ya kwanza ilikuwa ndefu kama barua, imejaa pole na historia ya kundi letu. Mpya ilijibu maswali matatu tu ambayo watu walikuwa wanauliza kweli. Je, hii ni safari? Hapana. Je, nitume jina au namba ya atestesheni hapa? Hapana, usiandike namba yoyote hapa. Nimeombwa pesa, nifanye nini? Usitume, piga skrinshoti, njoo ukumbini au nenda dawati la ulinzi la zone yako. Mstari wa kwanza wa posti unawazuia watu wa mbali. Komenti ya juu inawahudumia wale walioingia ndani tayari. Kila moja ina kazi yake, na mimi nilikuwa nimefanya ya pili nikasahau ya kwanza.

Kwa wale wa WhatsApp, kuhariri hakusaidii kitu, kwa sababu skrinshoti ni picha iliyokufa. Tulichukua picha ileile ya basi, ili mtu aitambue haraka, tukaandika juu yake kwa herufi kubwa nyekundu "SI SAFARI, NI DARASA LA KUSHONA" na tarehe. Maneno yaonekane hata kabla ya kuifungua, kwa sababu bando ni ghali na wengi hawapakui kila picha. Tukaituma kwa viongozi wa vijiji na wa makanisa, wao wakairudisha kwenye magrupu yaleyale ambamo skrinshoti ilipita. Ujumbe ambao umeshapita mikono mingi WhatsApp huwa na mishale miwili na unaruhusiwa kwenda grupu moja tu kwa mara moja. Kwa hiyo picha mpya, inayotoka kwa mtu anayejulikana, ilikuwa na miguu mepesi kidogo kuliko ile ya zamani.

Sasa nije kwenye komenti, maana huko ndiko tulikoumizwa.

Tulikuwa watu watatu, tukagawana zamu za saa mbili mbili, kwa sababu kichwa cha mtu mmoja hakivumilii kusoma matusi siku nzima. Mwanzoni nilitaka kuanza na wale wanaotutukana, wanaosema tumekula nafasi za watu. Dada katibu akasema, "Matusi yanakuuma wewe. Namba za simu zinawaumiza wao. Anza na namba." Na kweli, katikati ya komenti kulikuwa na majina ya watu wasio na sura, wanaandika: "Mimi ofisa wangu yuko ndani, nicheki WhatsApp." Wengine hawakuandika hadharani hata neno moja. Walikuwa wanapita kwa wale waliouliza "Je, na mimi naweza?" wanawaandikia pembeni, inboksi. Yaani kila swali lisilojibiwa lilikuwa chambo. Tapeli hahitaji kuamini posti yako, yeye anahitaji tu orodha ya watu wenye shida, na sisi tulikuwa tumemwandalia.

Kwa hiyo mpango wetu ukawa huu. Komenti ya tapeli: kwanza skrinshoti inayoonyesha jina, namba na saa, ndiyo kufuta na kumblok. Tusingeanza na kufuta, kwa sababu ushahidi ungepotea. Na tulifuta, hatukuficha. Kitufe cha "Hide comment" kinaificha kwa watu wengine, lakini mwenyewe na marafiki zake bado wanaiona, na mara nyingi marafiki zake ndio hao anaowavua.

Komenti za watu walioandika namba zao za atestesheni, majina ya watoto na namba za simu zilikuwa nyingi mno. Hizo pia tuliziondoa, lakini tulimwandikia mhusika kwanza: "Ndugu, tunaondoa namba yako ili mtu asiitumie vibaya. Hujakosa kitu." Bila huo ujumbe, mtu anaona jina lake limefutwa na anafikiri amefutwa kwenye orodha. Mzee mmoja aliandika namba yake mara nne, kila tukiondoa anairudisha, mpaka tulipompigia.

Maswali tuliyaacha na kuyajibu, hata lile lililoulizwa mara mia. Matusi kwetu tuliyaacha pia. Matusi ya kabila tuliyafuta papo hapo, kwa sababu hapa kambini anayetukanwa na anayetukana wanachota maji bomba moja.

Tuliweka na kichujio cha maneno kwenye ukurasa, ili komenti yenye neno kama "WhatsApp" au "inbox" ijifiche yenyewe. Kilisaidia sana. Usiku tulibana posti watu wasiweze kukomenti, kwa sababu sisi tunalala na matapeli hawalali, na asubuhi tukafungua tena. Lakini kichujio hakina akili. Jumanne mchana nilikuwa napitia komenti zilizofichwa, nikakuta moja ya saa 12 asubuhi ambayo sasa ilikuwa imezikwa kwa sababu tu ina neno WhatsApp. Ilisema: "Kuna mtu ameniita WhatsApp nimetuma 35,000 mbona hapokei tena."

Nilimfahamu. Ni mama wa upande wetu, anauza mandazi karibu na barabara.

Nilikwenda kwake kwa miguu. Nilipomweleza, hakulia, alikaa kwenye kile kigoda chake akaniambia, "Mutoto yangu, nilituma ile makuta asubuyi sana, mbele hata nichome mandazi. Nilisema nisichelewe." Neno usichelewe nililiandika mimi.

Tulienda kwa wakala wa pesa ya simu, akatusaidia kuwapigia watu wa mtandao. Pesa ilikuwa imeshatolewa dakika chache tu baada ya kuingia. Tukaenda polisi na zile skrinshoti, tukaacha na taarifa kwenye dawati la ulinzi. Namba ile ilifungwa. Pesa haikurudi. Nawaambia hivyo ili msidhani hadithi hii ina mwisho mzuri. Angalau jifunzeni kwamba dakika za kwanza ndizo zenye nafasi: mtu akigundua ametapeliwa, apige kwa mtandao palepale kabla hata ya kuja kwetu. Na komenti zilizofichwa na kichujio zipitiwe asubuhi na jioni, kila siku, kwa macho ya mtu.

Nisisahau ukumbini. Jumanne saa 3 walifika watu zaidi ya mia mbili. Wengine walikuwa wametoka Rubondo kwa boda, na nauli ya kurudi hawana. Nilisimama juu ya kiti na megafoni nikasema mambo yaleyale ya mstari wa kwanza, kwa maneno yaleyale. Hilo nalo lina maana: kama posti inasema kitu kwa njia moja na wewe unakisema kwa njia nyingine, watu wanasikia vitu viwili. Wengine walinizomea. Mzee mmoja alinishika mkono tu, akasema asante kwa kusema ukweli, akaondoka. Huyo ndiye aliyenichoma zaidi.

Ijumaa tuliweka posti ya ufuatiliaji. Tulibishana kuihusu siku nzima. Wenzangu wawili walisema tunyamaze, moto umeanza kuzima, tukiandika tutauwasha upya. Hoja yao ilikuwa na uzito, na ndiyo maana hatukuandika Jumatano, wakati watu bado wana hasira na kila neno linaokotwa. Lakini kunyamaza kabisa kungeacha swali hewani: wale 30 walioandikwa wamekwenda wapi?

Tuliandika mambo manne. Kilichotokea. Kosa lilikuwa letu wapi, bila kusema "watu walielewa vibaya". Jinsi darasa lilivyojazwa: tulisoma majina 30 waliochaguliwa kwa kura mbele ya watu, na tukaweka picha ya vyerehani, safari hii bila basi. Mwisho, jambo moja la kushika: huduma za UNHCR na washirika wake ni bure, na nafasi ya kwenda nchi ya tatu haiuzwi wala haiandikishwi Facebook. Habari ya mama tuliiweka kwa ruhusa yake, bila jina, bila picha, bila kusema anauza nini. Hapa nimetaja mandazi kwa sababu ameniambia nitaje. Amesema wanawake wenzake watamwamini muuza mandazi kuliko sisi.

Posti ile ya ufuatiliaji ilisheyiwa mara 61. Sitini na moja, dhidi ya elfu mbili na zaidi. Mwanzoni ilinivunja moyo. Lakini dada katibu aliniambia nisihesabu sheya, nisome maswali. Jumanne watu walikuwa wanauliza "Naandikishwa wapi?" Ijumaa walikuwa wanauliza "Darasa jingine ni lini?" Swali likibadilika, ujue ukweli umefika. Hauwezi kufika kwa wote. Wiki tatu baadaye alikuja kijana na ile skrinshoti ya basi kwenye simu, ameitunza vizuri, anauliza mstari unaanzia wapi.

Siku hizi kabla ya kuweka chochote, nampa mdogo wangu simu asome mstari wa kwanza tu, bila picha, halafu aniambie ni habari ya nini. Yeye hajui mipango yetu, ndiyo maana anafaa. Juzi nilimwandikia "Leteni majina kesho", akanitazama akasema, "Kaka, majina ya kwenda wapi?" Nikafuta, nikaandika upya.